Kabati la sentimeta 120 lenye fimbo moja tu: nafasi nyingine iko wapi?

MamaNeema_Kadutu

Jambo ndugu zangu. Tuko wawili na mume wangu, chumba chetu Kadutu si kikubwa, na kabati la pili haliwezi kuingia hata tukigeuza kitanda. Lililopo tulichongewa hapa hapa Bukavu, mbao ngumu, milango miwili. Nimelipima ndani: upana sentimeta 120, kimo kutoka chini hadi juu 195, kina 56. Ndani kuna fimbo moja ya mti inayotoka ubavu mmoja hadi mwingine, na juu yake etajere moja.

Nguo zimebanana kiasi kwamba shemizi niliyoipiga pasi jana leo inatoka na mikunjo. Lakini nikiinama naona chini ya shemizi kuna uwazi mkubwa, nimeujaza viatu, mifuko na mashuka yaliyorundikana. Nimeona picha za makabati yenye fimbo mbili, moja juu ya nyingine. Kwa langu inawezekana? Na fundi nimwambie vipimo gani, maana nisipompa vipimo atakata kwa kukadiria.

Bahati_B

Mama Neema, hiyo ni rahisi sana. Weka fimbo ya pili katikati ya kimo, itoke ubavu hadi ubavu, nafasi imekuwa mara mbili. Mimi niko chumba cha kupanga Panzi, mwenye nyumba hataki mtu atoboe kabati lake, kwa hiyo fimbo ya chini nimeining'iniza kwa cheni mbili kwenye fimbo ya juu. Kazi ya saa moja.

SeremalaBagira

Bahati ana haki juu ya jambo kubwa: uwazi ulio chini ya shemizi ndiyo nafasi inayotafutwa, na fimbo ya pili ndiyo dawa yake. Lakini si ubavu hadi ubavu, na si katikati ya kimo. Mama akifanya hivyo, vitenge vyake virefu vilivyoshonwa vitakwenda wapi? Vitajikunja juu ya fimbo ya chini, na upande wote huo utakuwa umeharibika.

Mama, kabla ya kuita fundi fanya kazi moja. Tundika kila aina ya nguo kwenye sentre yake mwenyewe, kisha pima kutoka kwenye fimbo hadi pindo la chini. Usipime nguo ikiwa kitandani, kwa sababu ndoano ya sentre na mabega ya nguo huongeza sentimeta kadhaa, na ni hizo zitakazokosekana baadaye. Tenga mafungu matatu: nguo fupi kama shemizi, libaya na kazaka, patalo zilizokunjwa mara moja juu ya sentre, na nguo ndefu. Katika kila fungu niandikie ile ndefu kuliko zote, kisha hesabu ni ngapi katika fungu la nguo ndefu. Nguo za triko usizihesabu. Zikitundikwa zinajivuta kwa uzito wake, mabega yanatoka nundu. Hizo ni za kukunja.

Juu ya cheni za Bahati: kwa anayepanga ni msaada, sikatai. Ila uzito wote, wa safu ya juu na wa safu ya chini, unabebwa na fimbo moja. Ikiwa fimbo ni ya mti na upana ni mita na zaidi, itapinda. Utaijua mapema: sukuma sentre ukutani mwa kabati, ziache, kesho ukizikuta zimeteleza zenyewe kuelekea katikati, fimbo imeshaanza kulegea.

Bahati_B

Papa, yangu ina upana wa sentimeta 70 tu, haijapinda. Lakini kweli, mke wangu anaweka nguo zake ndefu nyuma ya mlango.

JojoLushi

Bajamaa, miye niko Lubumbashi. Niko na kabati ya kitambaa, ile ya vyuma vyembamba na zipu mbele. Kiangazi vumbi inaingia yote, shemizi nyeupe inakuwa nyekundu. Hizo fimbo mbili zitazuia vumbi namna gani?

MamaNeema_Kadutu

Ndugu Jojo, hapa tunasema juu ya nafasi, si vumbi. Ila Papa anaweza kukujibu.

Papa, nimepima jioni. Nguo fupi ndefu kuliko zote ni kazaka ya mume wangu, 85. Shemizi zake zinaishia kama 80. Patalo zilizokunjwa, 68. Nguo zangu ndefu ni 9, ile ya harusi ya mdogo wangu inafika 145. Zilizobaki zote ni fupi, na ni nyingi sana.

SeremalaBagira

Vizuri. Sasa kabati linajipanga lenyewe.

Kwanza, mbao moja ya kusimama itagawa ndani sehemu mbili. Nguo ndefu 9, kila moja uipe sentimeta 4 ili ipumue, ni 36. Basi sehemu ya nguo ndefu iwe na upana wa 40. Mbao yenyewe ina unene wa kama 2. Zinabaki 78 upande wa nguo fupi, na hapo ndipo fimbo mbili zinakaa.

Pili, etajere ya juu. Umesema kimo ni 195. Acha 22 za juu kwa ajili ya masanduku, toa 2 za unene wa etajere, zinabaki 171 chini yake. Fimbo ya kwanza ishuke sentimeta 5 kutoka chini ya etajere, kwa hiyo iwe 166 kutoka chini. Hizo 5 si za urembo: ndoano ya sentre lazima inyanyuke ndipo itoke kwenye fimbo. Ukiibana, kila asubuhi utakuwa unapigana na kabati.

Kutoka fimbo hiyo, kazaka inashuka 85, unaongeza tena 5 za kunyanyulia, na hapo, kwenye 76 kutoka chini, ndipo inapokaa fimbo ya pili. Patalo za 68 zitaishia sentimeta 8 juu ya sakafu ya kabati. Umeona kwa nini si katikati? Fimbo ya chini ikiwekwa katikati, kwenye 97, juu yake zinabaki 69 tu, na kazaka inafunika patalo. Chini nako unaacha uwazi wa bure. Safu ya chini ni ya patalo na libaya fupi, shemizi za mzee zikae juu.

Upande wa nguo ndefu fimbo moja, kwenye 166 hiyo hiyo. Nguo ya 145 inaacha 21 chini yake, sanduku la viatu linatosha.

Sasa tuhesabu kwa haki. Ulikuwa na sentimeta 120 za kutundikia. Utakuwa na 78, na 78, na 40, jumla 196. Hiyo si mara mbili. Anayekuahidi mara mbili kwa fimbo peke yake hajahesabu nguo ndefu. Kinachokufikisha mara mbili ni vile vitu vya kukunja: ukivitoa kwenye rundo la chini ukavipa masanduku juu na mahali pake pembeni, ndipo kabati linapofunguka.

Esperansi_Goma

Jambo Papa, nami nina swali langu. Niko Goma, Majengo, nyumba yetu ni ya mbao. Kabati langu nililinunua likiwa limekwisha tumika, kimo ni kizuri, ila kina chake ni sentimeta 42. Milango haifungi nguo zikitundikwa, mabega yanatoka nje. Nikiongeza fimbo ya pili kama ya Mama Neema si nitakuwa na tatizo mara mbili?

SeremalaBagira

Dada Esperansi, utakuwa nalo mara mbili kweli. Sentre ya mtu mzima peke yake ina kama 43 hadi 45, ukiongeza mikono ya nguo unafika 55. Ndiyo maana kabati la kutundikia linataka kina cha 55 kwenda juu, na fimbo ikae katikati ya kina. La Mama Neema lina 56, fimbo inakaa kwenye 28, milango inafunga.

Kwa 42, usiweke fimbo ya kwenda ubavu hadi ubavu. Weka fimbo fupi inayotoka nyuma kuja mbele, imefungwa kwa nguvu chini ya etajere, nguo zikutazame usoni zikipangana moja nyuma ya nyingine. Fimbo ya 36 inabeba nguo kama kumi. Upana wa sehemu hiyo uwe angalau 55, maana sasa mabega yamegeuka upande huo. Sehemu inayobaki fanya etajere tu, na kwa etajere kina cha 42 ni bora kuliko cha Mama Neema cha 56, kwa sababu hakuna kitu kinachopotea nyuma.

Ubaya wake ni huu: ukitaka ya nyuma, unatoa za mbele kwanza. Weka mbele za kazi, nyuma za sikukuu.

Esperansi_Goma

Aksanti sana Papa. Na fimbo itengenezwe kwa nini? Dukani wananionyesha tiyo ya plastiki ya kupitishia waya za umeme, ni rahisi.

SeremalaBagira

Hiyo inapinda hata kabla nguo hazijajaa. Tafuta tiyo ya maji ya chuma iliyopakwa zinki, ile ya nusu inchi, unene wake kwa nje ni milimita 21 hivi. Kwa upana wa sentimeta 78 inabeba safu nzima bila kulegea. Ikiwa mtu ana upana unaopita mita moja bila mbao ya kugawa, aweke kishikizo kimoja katikati, kinachoning'inia kutoka kwenye etajere. Tiyo isuguliwe kwa msasa, ifutwe vizuri mafuta ya kiwandani, la sivyo mabega ya shemizi yatapata doa jeusi.

Na miisho ya fimbo isiingizwe kwenye tundu la mbao tu. Tundu linalegea kwa muda, siku moja fimbo inachomoka na safu yote inaangukia ya chini. Fundi achonge kipande kidogo cha mbao chenye mkato ulio wazi kwa juu, akifunge ubavuni kwa parafujo mbili. Fimbo inalala ndani, na siku ya kufagia unaitoa kwa mkono.

Jambo jingine kwenu wote wawili, na kwa Esperansi zaidi. Mnaongeza uzito. Kabati lenye milango iliyofunguka na safu mbili za nguo linaweza kuja mbele, na nyumba ina watoto wanaopanda kila kitu. Lifungwe ukutani kwa juu, kwa kipande cha chuma cha pembe. Nyumba ya mbao, msishike ubao wa ukuta, ni mwembamba, parafujo itachomoka nao. Gonga ukutani usikilize, tafuta mti uliosimama unaobeba ubao, parafujo iingie humo.

Nsimire_Ibanda

Nimesoma yote, na nashukuru. Ila mmeruka masanduku, na ndiyo yaliyonisumbua mimi. Etajere ya juu ya kina cha 56 bila sanduku ni shimo: cha mbele unakiona, cha nyuma umekisahau mpaka mwaka ujao. Sanduku linaifanya etajere iwe droo. Liwe refu karibu sawa na kina, kama 50, lifungwe kamba ya kuvutia mbele, na unalivuta lote nje.

Ndani yake usilaze vitenge kimoja juu ya kingine. Kunja kila kipande kwa kimo cha sanduku, kisha visimamishe kwa wima, kama vitabu. Ukitaka cha chini hakuna cha chini, vyote unaviona kwa mara moja. Kipande cha yadi sita ukikikunja vizuri kinasimama chenyewe.

Lakini kwa Bukavu nasema wazi: msitumie masanduku ya plastiki yenye mfuniko wa kubana. Mvua yetu inaanza Septemba inakwenda mpaka Mei, nguo inaingia na unyevu ambao mkono hausikii, halafu unaifungia ndani. Mimi natumia katoni ngumu nilizozivalisha kitambaa.

Bahati_B

Yaya Nsimire, katoni nayo inanywa maji kutoka hewani, na mende wanaipenda. Mama yangu ana plastiki, hajawahi kuona ukungu.

Nsimire_Ibanda

Inategemea nyumba. Chumba changu ukuta wa nyuma umeegemea mlima, unatoa jasho mvua ikinyesha. Ukitaka kujua kama kabati lako lina unyevu, tazama mikanda na viatu vya ngozi. Ukungu mweupe unaanza huko kabla ya kufika kwenye nguo. Na usirudishe nguo ikiwa bado na joto la pasi, iache nje kwanza mpaka ipoe.

SeremalaBagira

Hapo siwezi kuamua kati yenu, nimeona plastiki ikiharibu na nimeona katoni ikiharibu. Mwenye plastiki asibane mfuniko, au fundi ampigie matundu ubavuni, juu, yaliyo madogo. Na wote wenye ukuta wa jasho, sogezeni kabati mbele sentimeta 5, hewa ipite nyuma yake. Kile chuma cha pembe kitafika, kiwe kirefu kidogo tu.

Ndugu Jojo, sikukusahau. Fimbo mbili hazizuii vumbi. Na kabati la kitambaa usiliongezee fimbo ya pili, vile vyuma vyake vimeungwa kwa vipande vya plastiki, uzito ukizidi linainama upande mmoja. Kwako shemizi nyeupe zipe mfuko wa kitambaa wa kufunika mabega, shuka kuukuu linatosha kushona kadhaa. Chini ya kabati weka masanduku, uzito ukiwa chini linasimama vizuri.

JojoLushi

Aksanti Papa. Ile ya kuinama imeshaanza, nilizania sakafu ndiyo mbaya.

MamaNeema_Kadutu

Papa, kabla fundi hajaja. Yaya Nsimire amenifanya niangalie masanduku. Ulisema niache 22 juu. Lakini mbele ya kabati, pale milango inapogongea, kuna mbao inayoshuka sentimeta 4 kutoka juu. Sanduku la 20 litapita?

SeremalaBagira

Halitapita, na umefanya vizuri kuangalia. Uwazi wa kupitishia ni 18, si 22, na sanduku refu la 50 huwezi kuliinamisha liingie. Una sentimeta 8 za bure chini ya patalo. Chukua 2 kutoka hapo. Etajere na fimbo zote zishuke 2: fimbo za juu ziwe kwenye 164, ya chini 74, patalo ziishie 6 juu ya sakafu, na chini ya nguo ndefu zibaki 19 za viatu. Juu utakuwa na 24 kwa ndani na 20 za kupitishia. Masanduku yawe na kimo cha 18, matatu, kila moja upana wa 38. Jumla 114, zinabaki 6 za kuingiza vidole.

Niambie tu: katikati ya milango kuna mti uliosimama? Ukiwepo, sanduku la kati halitatoka, utatengeneza manne membamba, mawili kila upande wa mti.

Na etajere ipite juu ya ile mbao ya kugawa, isikatwe. Mbao hiyo itaibeba kwa chini. Etajere ya 120 yenye masanduku ya vitenge bila mguu wa kati inakunja tumbo baada ya muda.

MamaNeema_Kadutu

Hakuna mti, milango inakutana yenyewe kwa yenyewe. Lakini kuna neno la mume wangu. Milango inakutana kwenye 60. Mbao ya kugawa ikikaa kwenye 78, yeye ili afikie shemizi zote lazima afungue milango yote miwili, na mmoja unagonga kitanda. Anataka igawe kwenye 60, kila mtu na mlango wake.

SeremalaBagira

Mzee ana haki yake. Ukigawa upande mmoja 60 na mwingine 58, kwake fimbo mbili za 60, kwako moja ya 58. Jumla 178 badala ya 196. Unapoteza 18, ambazo ni kama shemizi sita, na nguo ndefu zako zinapata nafasi zaidi ya zinavyohitaji.

Nsimire_Ibanda

Si kupoteza, Papa. Upande wa Mama Neema wa 58 uchukue 36 za nguo ndefu, na 20 zinazobaki zifanywe etajere nyembamba za kukunjia triko kutoka juu hadi chini. Triko ulisema zisitundikwe, na mpaka sasa hukumpa mahali pa kuziweka.

Bahati_B

Etajere za upana wa 20 triko itaingia kweli?

Nsimire_Ibanda

Ikikunjwa mara tatu kwa urefu, inaingia. Ya mtoto inaingia hata kwa mbili.

SeremalaBagira

Hilo ni wazo zuri, ila mbao ya kusimama ya ziada inakula 2 nyingine, kwa hiyo hesabu ni 36, 2 na 20, na nguo za harusi zenye mikono mipana zitabanwa. Mama, tundika zile 9 peke yake kwenye fimbo yako ya sasa, zisukume pamoja bila kuzikandamiza, upime upana wake. Zikiwa chini ya 36, fuata Nsimire na mzee. Zikizidi, rudi kwenye 78 na usogeze kitanda.

MamaNeema_Kadutu

Nimezipima sasa hivi. Ni 39. Ile ya harusi peke yake inakula 7.

Nsimire_Ibanda

Basi hiyo moja ikunje, iingie sanduku la juu na karatasi nyembamba ndani ya mikono. Unaivaa mara ngapi kwa mwaka?

MamaNeema_Kadutu

Mara moja. Lakini ina shanga kifuani, naogopa kuikunja. Fundi anakuja Jumamosi, nitaongea na mzee kwanza.